Jiko la pampu lisiloshika presha: ngozi ya pampu na mpira wa kifuniko

Jiko la mafuta ya taa la pampu likikataa kushika presha, wengi wetu hushika sindano kwanza. Tunazibua nipeli inayorusha mafuta kwenye kichwa cha jiko, tunazibua tena, na tundu lake linazidi kupanuka. Hilo ndilo kosa linaloharibu majiko mengi. Nipeli iliyoziba haiwezi kuwa sababu ya tangi kukosa presha, kwa kuwa tundu likiziba hewa hubaki ndani vizuri zaidi. Ila ukishalipanua kwa sindano nene, mafuta hutoka mengi kuliko yanavyoweza kuungua, moto unakuwa wa njano, sufuria zinajaa masizi, na hapo utanunua nipeli mpya pamoja na kile ulichokuwa unatafuta tangu mwanzo.

Presha hutengenezwa na ngozi ya pampu, nayo huzuiliwa ndani ya tangi na vitu vichache: vali iliyo mwisho wa silinda ya pampu, mpira wa kifuniko cha kujazia mafuta, skrubu ya kutolea hewa, na viungo vya bomba linalopanda kwenye kichwa cha jiko. Mwongozo huu unahusu ngozi na mpira wa kifuniko, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyochakaa mapema, na vyote unaweza kuvitengeneza ukiwa nyumbani. Mpangilio wa majiko haya haujabadilika sana tangu Frans Wilhelm Lindqvist alipotengeneza lile la kwanza huko Stockholm mwaka 1892. Kwa hiyo haya yatakufaa iwe jiko lako ni la zamani la shaba uliloachiwa na bibi au ni la kutoka India ulilonunua soko la Owino, Kampala.

Kabla ya kugusa chochote

Zima jiko na uliache lipoe kabisa, kichwa pamoja na tangi. Kisha fungua skrubu ya hewa taratibu mpaka mlio wa hewa uishe. Usifungue kifuniko cha mafuta wakati jiko lina moto au kichwa bado kina joto, hata kama unaamini presha imekwisha. Mafuta yakitoka kwa ukungu karibu na moto, yanashika papo hapo. Kazi yote hii ifanyike nje au barazani, mbali na sigiri ya jirani.

Nusa mafuta yenyewe pia. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli yana harufu kali ya petroli, nayo ni hatari sana katika jiko la pampu. Ukiisikia harufu hiyo, yamwage mahali salama na usiendelee mpaka upate mengine.

Halafu tazama kiasi cha mafuta. Tangi lijae robo tatu, lisizidi. Likijaa pomoni, hewa iliyobaki juu ni kidogo, kwa hiyo presha hupanda kwa mipigo michache na kushuka haraka, na mtu hudhani kuna mahali panapovuja. Likiwa karibu tupu, nafasi ya hewa ni kubwa na utapiga mipigo mingi zaidi kabla ya kuhisi kitu. Kuna majiko yanayopelekwa kwa fundi yakiwa na tatizo hili tu.

Mkono wako ukusomee pampu

Funga kifuniko, funga skrubu ya hewa, kisha piga pampu. Sukuma mara ya kwanza polepole, mpaka mwisho. Vuta. Sukuma tena, safari hii kwa nguvu na haraka. Usihesabu sana, sikiliza mkono.

Kama mshikio unateleza bure ukisukuma polepole, lakini unakaza kidogo ukisukuma kwa haraka, ngozi imekauka au imesinyaa. Hewa inapita pembeni mwake, na ni kasi yako tu inayoiwahi. Kama unateleza bure hata kwa kasi, ngozi imepasuka, imegeuzwa juu chini, au nati inayoishikilia imelegea.

Kama mshikio unaanza mwepesi na kukaza kadiri unavyopiga, ngozi inafanya kazi. Hapo ukiona presha inashuka baadaye, mtuhumiwa ni kifuniko au kiungo kingine.

Ipo dalili moja inayotenganisha mambo kabisa. Baada ya mipigo kadhaa, uachie mshikio ukiwa chini. Ukiinuka wenyewe, au ukichomoa pampu na kukuta mafuta ndani ya silinda yake, basi vali ya mwisho wa silinda haifungi. Kuichomoa vali hiyo kunahitaji spana yake ndefu inayoingia hadi chini, na ukilazimisha kwa bisibisi utaharibu meno ya shaba. Mpelekee fundi mwenye spana hiyo. Usilitumie jiko likiwa hivyo, maana mafuta yatakuja juu kwenye pampu wakati moto unawaka.

Kuitoa na kuikagua ngozi

Fungua kifuniko cha pampu kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kwenye majiko mengi mkono unatosha. Kikigoma, shika kwa koleo lililofungwa kitambaa, usikibonyeze kikapoteza umbo. Vuta fimbo yote nje.

Mwisho wa fimbo utaona ngozi yenye umbo la kikombe kidogo. Mdomo wa kikombe lazima uelekee chini, yaani upande wa tangi. Ukijua inavyofanya kazi hutasahau: unapovuta fimbo, mdomo hujikunja ndani kidogo na hewa ya juu hupita pembeni kuingia silindani, unaposukuma, hewa iliyobanwa huujaza mdomo ukatanuka kama mwavuli na kuziba ukuta wa silinda. Ngozi iliyogeuzwa hufanya kinyume, na hapo unaweza kupiga mpaka jasho likutoke bila tangi kupata kitu.

Jaribu nati kwa vidole. Ikilegea, hewa hupita katikati kwenye tundu la ngozi, na kutoka nje huoni kasoro yoyote. Ikaze, lakini usiikaze mpaka ngozi ikabonyea, kwa sababu mdomo utainuka upande mmoja.

Sasa itazame ngozi yenyewe. Iliyo nzima ni laini, rangi yake ni ya kahawia iliyokolea kwa mafuta, na ukiikunja mdomo kwa ukucha inarudi. Iliyokauka ni ngumu, ina rangi ya kufifia, na mdomo umejivuta ndani. Chunguza mwisho wa mdomo kote kwenye mwanga. Ufa mdogo wima unatosha kuifanya isifae, na ngozi yenye ufa hairudi kwa kulowekwa.

Ngozi iliyokauka bila kupasuka hurudi. Iloweke katika mafuta safi ya injini kwa saa chache, au usiku mzima ikiwa imekauka sana. Mafuta yaliyotolewa kwenye bodaboda hayafai, kwa kuwa yana chembe za chuma ambazo zitakwaruza silinda. Mafuta ya kupikia nayo huyaepuka kwa sababu nyingine: yanalainisha siku ya kwanza, kisha yanaganda na kuwa gundi, na baada ya muda pampu inashika. Vaselini ni nzuri, hasa kama uko mbali na duka la spea. Usichemshe mafuta ili kazi iende haraka. Ngozi ikipata joto kali husinyaa na kuwa ngumu, na haina dawa tena.

Ikishalainika, itanue mdomo kwa kidole gumba, ukizunguka pole pole kote, mpaka kikombe kiwe kipana kidogo kuliko silinda. Futa silinda kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, maana uchafu uliobaki huko utaingia chini ya mdomo siku hiyo hiyo.

Kurudisha ndiko kunakowaponza wengi. Usisukume fimbo moja kwa moja. Ilaze kidogo, ingiza upande mmoja wa mdomo kwanza, kisha zungusha fimbo huku ukibonyeza sehemu iliyobaki kwa kidole au kwa ubapa wa mpini wa kijiko, mpaka mdomo wote umeingia bila kujikunja. Mdomo ukikunjika kwenda nyuma hata sehemu moja, alama hiyo hubaki na hewa itapita hapo daima. Pakia tone la mafuta ya injini juu, funga kifuniko cha pampu, na uangalie tundu dogo la kifuniko hicho lisiwe limezibwa na masizi. Hewa ya pampu inaingilia hapo, na likiziba pampu haipati hewa ya kusukuma.

Ukikosa ngozi ya dukani

Fundi viatu mzuri anaweza kukuokoa, lakini umwambie ngozi unayoitaka. Iwe ya ng'ombe, nene kama milimita 2, ngumu kiasi cha kushika umbo. Kipande cha mkanda wa zamani wa ngozi halisi kinafaa. Ngozi laini ya juu ya kiatu haifai, kwani haikai kikombe.

Pima upana wa ndani wa silinda. Tuseme ni milimita 19. Kata duara la kama milimita 30, liloweke katika maji ya vuguvugu mpaka likunjike, kisha lisukume ndani ya kipande cha bomba chenye upana wa ndani ule ule kwa kutumia kijiti cha mviringo cha milimita 15. Zile 4 zilizobaki ni unene wa ngozi pande mbili. Acha likauke humo kivulini hadi kesho yake. Litoe, kata mdomo uwe sawa kote, toboa tundu katikati kwa kipimo cha fimbo, kisha loweka kwenye mafuta ya injini kama ilivyoelezwa. Tundu lisipokaa katikati kabisa, kikombe kitaegemea upande mmoja na kuvuja upande wa pili, kwa hiyo chukua muda wako hapo.

Kifuniko cha mafuta

Ngozi ikishakuwa sawa, presha inapanda. Suala linalobaki ni kama inakaa.

Kupima kunataka akili kidogo. Majiko mengi hayana vali ya kufunga kichwa, nipeli iko wazi muda wote. Ukipiga pampu kichwa kikiwa baridi, mafuta yatapanda na kutoka kwenye nipeli, na utapima uchafuzi badala ya mvujo. Kwa hiyo mwaga mafuta yote kwenye galoni. Weka kipande kidogo cha mpira juu ya nipeli na mtu akibonyeze kwa kidole. Jiko lenye kitufe cha kufungia kichwa halihitaji hayo, funga tu. Piga pampu mpaka mshikio ukaze, kisha paka povu la sabuni kwa brashi kuzunguka kifuniko cha mafuta, kwenye skrubu ya hewa, na mahali bomba linapotoka tangini. Povu nene la sabuni ya kufulia ni zuri kuliko maji ya sabuni mepesi, kwa sababu linakaa mahali ulipolipaka. Mvujo mkubwa utasukuma mapovu mara moja. Mdogo huchukua hata dakika nzima, kwa hiyo usiharakishe kuangalia pengine.

Mapovu yakitoka kwenye kifuniko, kifungue baada ya kutoa hewa, na utoe mpira wake. Kagua mambo mawili: mpira wenyewe na ukingo wa shaba unaokaliwa na mpira huo.

Mpira mgumu, wenye alama ya duara iliyozama na nyufa ndogo ukiukunja, umezeeka. Kuugeuza upande wa pili kutakusaidia wiki chache, si zaidi. Mpira uliovimba, unaoteleza na kuchomoza nje ya kifuniko, si wa mafuta ya taa. Hapa ndipo mpira wa tyubu ya baiskeli unapotudanganya. Unakatika vizuri kwa mkasi, unaziba sana siku ya kwanza, lakini mafuta ya taa huuvimbisha na kuulainisha, na ukikaza kifuniko unajikamua nje. Tafuta mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Maduka ya spea za magari, kama yale ya Kiseka pale Kampala, yana mipira ya duara na gasketi za pampu za mafuta za vipimo vingi. Nenda na kifuniko chako mkononi, ujaribu hapo hapo. Kama huna njia ya kuupata, duara la ngozi lililopakwa vaselini litaziba kwa muda, lakini ulikague kila unapojaza mafuta.

Ukingo wa shaba uupitishie ukucha. Ukucha ukikwama, kuna mkwaruzo au kokoto iliyojichimbia. Weka msasa mwembamba sana juu ya kioo au kigae kilicho bapa, ugeuze kifuniko juu yake na kukisugua kwa mzunguko mara chache. Ukingo wa tangi usugue kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao bapa, na uzibe shimo kwa kitambaa ili vumbi la shaba lisiingie ndani. Kaza kifuniko kwa mkono tu. Kifuniko kinachohitaji spana kina mpira mbovu, na spana itakula meno ya tangi ambayo hayatengenezeki kwa urahisi.

Jiko la chapati la Arua

Mama mmoja anayeuza chai na chapati usiku mjini Arua aliniletea jiko la shaba lenye tangi la kama lita moja na nusu. Alisema, "Fundi, pampu imekufa. Wameniambia ninunue nyingine." Ngozi ilikuwa imebadilishwa muda si mrefu. Moto uliwaka, ukawa wa njano, na ndani ya dakika chache ukaanza kuzimika mpaka apige tena, huku unga ukimngoja mezani.

Tuliacha jiko lipoe, tukatoa hewa. Mafuta yalikuwa nusu tangi, hayana harufu ya petroli. Nilisukuma pampu polepole, ikateleza bure. Nikasukuma kwa kasi, ikakaza kidogo. Nikaiachia chini, haikuinuka. Hivyo vali ilikuwa nzima na swali likabaki kwa ngozi. Tulipoitoa, ilikuwa kweli mpya, ila ilitiwa kavu kama ilivyotoka kwenye pakiti, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umejikunja nyuma wakati wa kuiingiza. Kwa bahati mkunjo ulikuwa bado haujapasuka. Ililala kwenye mafuta ya injini hadi asubuhi, tukaunyoosha mdomo kwa kidole, ikaingia vizuri.

Pampu ikakaza baada ya mipigo kama kumi. Mama akafurahi, akataka kuondoka. Nilimwomba asubiri, kwa sababu moto uliozimika kila baada ya dakika chache haukuelezwa na ngozi peke yake. Ngozi mbovu inakuchelewesha kupandisha presha, lakini presha ikishaingia tangini inalindwa na vali. Kitu kilikuwa kinaitoa. Tulimwaga mafuta, mtoto wake akabonyeza nipeli, nikapaka povu, na mapovu yakaanza kujipanga upande mmoja wa kifuniko. Ndani mlikuwa na duara la tyubu ya baiskeli lililovimba, na kwenye ukingo wa kifuniko mkwaruzo mdogo.

"Huo niliukata mwenyewe," akasema, "ulikuwa unaziba sana."

"Ulikuwa unaziba, mama. Mafuta ndiyo yameumaliza."

Tulisugua ukingo, tukatia mpira wa spea za magari, tukakaza kwa mkono. Nilirudia kipimo cha povu na hapakuwa na povu jipya.

Kipimo cha mwisho

Kwa jiko lenye kitufe cha kufungia kichwa, jaza mafuta robo tatu, piga pampu mpaka ikaze, uliache nusu saa bila kuwasha. Fungua skrubu ya hewa: hewa itoke kwa mlio ule ule mkali wa mwanzo. Kwa jiko lenye nipeli wazi, fanya hivyo tangi likiwa tupu na nipeli imebanwa, dakika mbili au tatu zinatosha, kisha ujaze mafuta. Ukikuta mlio hafifu wakati kifuniko hakina povu, paka povu kwenye mstari wa lehemu unaozunguka silinda ya pampu na shina la bomba. Mapovu yakitoka kwenye lehemu, usiliwashe tena mpaka fundi wa shaba alitie lehemu upya.

Likishika, liwashe kwa kawaida: skrubu ya hewa wazi, washa spiriti kwenye kikombe chake chini ya kichwa cha jiko mpaka iungue karibu yote, ndipo ufunge skrubu na kupiga pampu kidogo kidogo. Kichwa kikiwa cha moto vya kutosha, moto utakuwa wa buluu. Ukiwa wa njano wakati mshikio wa pampu bado umekaza, presha ipo, na sasa ndipo ni zamu ya kukagua nipeli.